Ukuta wa Utumbo Unapovimba

Kondakta wa daladala hana choo. Anaanza kazi saa kumi na moja alfajiri, anasimama mlangoni mpaka usiku, na gari likiwa limejaa hawezi kumwomba dereva asimame kila baada ya nusu saa. Ndiyo maana kijana nitakayemsimulia hapa nimemfanya kondakta. Ni mtu wa mfano, si mgonjwa fulani, lakini njia aliyopita ndiyo wanayopita vijana wengi wenye tumbo la aina yake.

Ana miaka 24. Kwa miezi 8 ameharisha mara 4 hadi 6 kwa siku, na tumbo humsokota upande wa chini kulia, hasa saa moja hivi baada ya kula. Amepungua kilo 9. Katika miezi hiyo ametibiwa amiba mara tatu, taifodi mara mbili na vidonda vya tumbo mara moja. Kila akimeza flajili anapata nafuu ya siku chache, kisha tumbo linarudi kama lilivyokuwa. Swali moja hakuwahi kuulizwa: usiku je? Jibu ni kwamba kila siku saa nane za usiku tumbo humwamsha aende chooni. Tumbo linalosumbuliwa na wasiwasi au na vyakula fulani kwa kawaida hutulia mwenyewe anapolala. Kuhara kunakomtoa mtu usingizini, tena huku akikonda, humwambia daktari kwamba ndani ya utumbo wenyewe kuna kitu kimeharibika.

Daktari aliyemuuliza swali hilo aliagiza vipimo vya kawaida kwanza. Choo kilipimwa mara tatu na hakikuonekana mdudu. Kipimo cha virusi vya Ukimwi hakikuonyesha maambukizi. Damu ilikuwa pungufu, hemoglobini 9.8. Kisha kikaja kipimo kimoja cha choo ambacho wengi hawakijui, cha kalprotektini. Hii ni protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu, na chembe hizo zikimiminika ndani ya utumbo, protini hiyo hutoka na choo. Mtu mwenye utumbo mtulivu huwa na chini ya mikrogramu 50 katika kila gramu ya choo, na ikizidi 250 daktari huanza kuutafuta ugonjwa kwa bidii. Kijana wetu alikuwa na 900. Nambari hiyo ilisema kuna moto unawaka, ila haikusema unawaka wapi wala nani kauwasha.

Akaingizwa kamera kwa njia ya haja kubwa. Utumbo mpana ulikuwa safi kuanzia chini hadi mwanzo wake, pale karibu na kidole tumbo. Hapo pana mlango mdogo unaotenganisha utumbo mwembamba na utumbo mpana, na mlango ule ulikuwa umevimba. Kamera ikakataa kupita. Kamera ya mdomoni nayo haiendi mbali zaidi ya mwanzo wa utumbo mwembamba. Katikati ya kamera hizo mbili zinabaki mita kadhaa za utumbo ambazo hakuna jicho lililozifikia, na maumivu ya kijana huyu yalikuwa huko.

Hapo ndipo alipoandikiwa kipimo cha MRI ya utumbo mwembamba. Mashine hiyo hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio, haitumii mionzi ya eksirei. CT nayo ingeweza kuonyesha mengi, tena kwa haraka, na mgonjwa akifika usiku tumbo limekaza na ana homa, CT ndiyo inayofaa. Lakini kijana wa miaka 24 mwenye ugonjwa wa utumbo atapigwa picha mara nyingi maishani mwake, na kila CT ya tumbo inamwongezea mionzi mwilini. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuchagua sumaku kwa vijana.

Wengi hudhani kazi ya kipimo hiki inaanza mgonjwa anapoingizwa ndani ya mashine. Kwa kweli inaanza saa moja kabla, kwenye kiti, akiwa na jagi mkononi. Utumbo mtupu hujikunja kama soksi iliyovuliwa. Kuta zake mbili zikigusana, ukuta mzima unaonekana mnene, na ukuta mgonjwa unajificha katikati ya mikunjo. Kwa hiyo mgonjwa hukaa bila kula kwa saa 4 hadi 6, kisha hunywa lita moja hadi moja na nusu ya maji yaliyochanganywa na manitoli au dawa nyingine ambayo mwili haiinyonyi kwa urahisi. Maji matupu yangenyonywa njiani na kuishia kwenye kibofu, lakini manitoli huyashikilia ndani ya utumbo hadi yafike mwisho wake. Ladha yake ni tamutamu ya kukinaisha. Hunywewa polepole kwa dakika 45 hadi 60, bila kuyabugia yote kwa mara moja, kwa sababu yakinywewa kwa pupa hujaa tumboni huku sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ambayo ndiyo inayotafutwa, ikibaki tupu. Mgonjwa aambiwe mapema pia kwamba baada ya kipimo ataharisha kwa saa chache. Kwa mtu ambaye kuhara ndiko kulikomleta, ni haki yake kulijua hilo kabla hajapanda daladala kurudi nyumbani.

Tatizo la pili ni kwamba utumbo hautulii. Hujibana na kujiachia mfululizo ukisukuma chakula, na kitu kinachotembea hakipigiki picha safi. Kwa hiyo mgonjwa huchomwa sindano ya buskopani kwenye mshipa, dawa ileile ambayo wengi wanaijua kwa maumivu ya tumbo, ili utumbo uganda kwa dakika chache. Moyo unaweza kwenda mbio kidogo na macho kuona ukungu kwa muda, hivyo mtu asiendeshe chombo mara tu akitoka. Mwenye presha ya macho amwambie mhudumu kabla ya sindano. Vilevile aseme mwenye betri ya moyo, kipande cha chuma mwilini, au ugonjwa wa figo, na mwanamke anayedhani ana mimba. Kila jibu lina uzito wake, kwa sababu sumaku huvuta chuma, na dawa ya gadolini inayochomwa baadaye hutolewa mwilini na figo.

Ndani ya mashine kijana wetu alilala nusu saa na zaidi. Mlio wake ni mkubwa, kama wa mtu anayegonga bati. Kila mara sauti ilimwambia kwenye spika, “Vuta pumzi, toa, shikilia,” naye akashikilia kwa sekunde kumi na tano hadi ishirini. Anayeshindwa kushikilia pumzi picha zake hutoka na michirizi, na mchirizi ukipita juu ya ukuta wa utumbo unaweza kuufanya uonekane mgonjwa.

Sasa tutazame alichokiona daktari bingwa wa radiolojia. Ukuta wa utumbo mwembamba uliojaa maji vizuri hauzidi milimita 3, karibu unene wa kadi nne za benki zikipangwa pamoja. Kwa kijana huyu, sentimita 18 za mwisho wa utumbo mwembamba zilikuwa na ukuta wa milimita 8. Ni zaidi ya kadi kumi, katika mrija ambao nao ni mwembamba. Tundu la katikati lilikuwa limebaki dogo, na hiyo ndiyo maana ya tumbo kumsokota saa moja baada ya kula: chakula kinafika hapo na kulazimika kupenya.

Unene peke yake hausemi mengi. Ukuta unaweza kunenepa kwa maji, kwa mafuta au kwa kovu, na matibabu ya hivyo vitatu hayafanani. Hapa ndipo picha ya sumaku inapozizidi nyingine. Katika aina moja ya picha, maji na mafuta yote hung'aa meupe. Kisha mashine hupiga picha ileile tena, safari hii mng'ao wa mafuta ukiwa umezimwa. Ukuta uliokuwa mweupe ukageuka mweusi, ule ulikuwa mafuta, alama ya ugonjwa wa zamani uliopoa. Ukibaki mweupe, ni maji, yaani ukuta umevimba sasa hivi. Ukuta mnene ambao ni mweusi katika picha zote mbili una uwezekano mkubwa wa kuwa na kovu, na kovu halilainiki kwa dawa za kupoza mwili; mara nyingi hupanuliwa kwa puto au hukatwa na daktari wa upasuaji. Nakiri kwamba mpaka huu hauko wazi kila mara, kwa sababu maji na kovu huweza kukaa katika ukuta mmoja, na hapo picha haiwezi kusema kila kimoja ni kiasi gani. Ukuta wa kijana wetu ulibaki mweupe.

Kisha gadolini ilichomwa kwenye mshipa, na katika dakika ya kwanza tabaka la ndani la ukuta likawaka kuliko utumbo mzima wa pembeni. Damu nyingi ilikuwa inakimbilia hapo. Nje ya ukuta, ndani ya mafuta yanayoubeba utumbo, mishipa midogo ilikuwa imejaa na kunyooka sambamba, mmoja baada ya mwingine. Wataalamu wa radiolojia huita alama hiyo kitana, kwa kuwa ndivyo inavyoonekana: uti mmoja na meno yaliyopangana. Ugonjwa ulikuwa mkali zaidi upande wa ukuta unaoshikana na mafuta hayo, huku upande wa pili ukiwa umetokeza vifuko kama nguo iliyovutwa uzi. Na sentimita 25 juu zaidi, baada ya utumbo mzima usio na kasoro, palikuwa na kipande kingine cha sentimita 6 kilichovimba vilevile. Kamera isingefika hapo hata kama mlango ungefunguka.

Hapa nisimame kwenye neno moja. Ripoti ikisema “uvimbe kwenye ukuta wa utumbo”, familia husikia saratani. Kiswahili chetu hutumia neno uvimbe kwa vitu viwili: kitu kilichoota mahali, na mahali palipovimba tu, kama mguu uliopigwa na jiwe. Mama wa kijana huyu aliposikia neno hilo alikaa kimya, kisha akauliza, “Daktari, niambie tu ukweli, mwanangu ana kansa?” Daktari akamjibu, “Hapana mama, hakuna kitu kilichoota. Ukuta umevimba na una maji, kama jino linavyovimbisha shavu.” Nawaomba wanaoandika na kusoma ripoti waseme “ukuta umevimba”, wakiache “uvimbe” kwa kile kilichoota. Limfoma ya utumbo ipo kweli, nayo hunenepesha ukuta, lakini kwa kawaida hunenepesha zaidi kuliko hapa, na mara nyingi tundu la katikati hupanuka badala ya kubana.

Picha pia hudanganya. Sehemu ya juu ya utumbo mwembamba ina mikunjo mingi na hupokea damu nyingi kwa asili yake. Isipojaa maji huonekana nene na yenye kuwaka, na msomaji mwenye haraka huandika ugonjwa usiokuwepo. Dawa yake ni subira. Mashine hupiga seti kadhaa kwa kupishana dakika, na kipande kilichobana katika seti ya kwanza kikifunguka katika ya tatu, kilikuwa kinajikunja tu. Kipande kigonjwa hubaki vilevile katika seti zote. Kwa upande mwingine, vidonda vidogo vya mwanzo, vya juujuu kwenye utando wa ndani, sumaku huvikosa. Picha safi haimaanishi kwamba mgonjwa mwenye kalprotektini 900 ni mzima.

Ripoti ya kijana wetu ilimalizika kwa sentensi hii: ukuta umevimba katika sehemu mbili, ugonjwa unaendelea, zaidi unafanana na ugonjwa wa Krohni, lakini TB ya tumbo haijaondolewa. Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Mwaka 1913 daktari wa upasuaji wa Glasgow, Kennedy Dalziel, alieleza wagonjwa waliokuwa na utumbo mnene kiasi cha kukakamaa. Aliona unafanana na ugonjwa wa utumbo wa ng'ombe unaosababishwa na bakteria wa ukoo mmoja na wa TB, lakini bakteria wenyewe hakuwapata. Mwaka 1932 Burrill Crohn na wenzake wawili wa Hospitali ya Mount Sinai, New York, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, waliandika juu ya wagonjwa 14 wenye ugonjwa wa mwisho wa utumbo mwembamba, na jina la Crohn likabaki. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe, na mara nyingi huanza ujanani. Tangu mwanzo, basi, ugonjwa huu ulipata utambulisho wake kwa kusimama kando ya TB na watu kuuliza: ni huu au ule?

Ulaya swali hilo limepoa, kwa kuwa TB ni adimu huko. Kwetu bado ni la moto. TB hupenda pahala palepale, mwisho wa utumbo mwembamba na mwanzo wa utumbo mpana, na huwapata vijana walewale wenye kuhara, kukonda na homa. Jina lenyewe la kifua kikuu hutupotosha: mtu asiyekohoa haamini kwamba anaweza kuwa nacho tumboni. Hatari iko kwenye matibabu. Ugonjwa wa Krohni hutibiwa kwa prednisoloni na dawa nyingine zinazoishusha kinga. Ukimpa dawa hizo mwenye TB, unawafungulia bakteria mlango, na TB iliyokuwa kwenye utumbo huweza kusambaa mwili mzima.

Sumaku husaidia kuegemea upande mmoja. Katika TB, mfuko ule wa mwanzo wa utumbo mpana mara nyingi husinyaa na kuvutwa juu, na mlango unaoelekea utumbo mwembamba hubaki wazi kama mdomo wa samaki. Tezi za jirani huwa kubwa, zenye kingo zinazowaka na kitovu cheusi, kwa sababu katikati zimeoza. Maji hujikusanya tumboni nje ya utumbo. Katika ugonjwa wa Krohni ndipo huonekana vipande kadhaa vinavyopishana na utumbo mzima, ukuta ulioathirika zaidi upande mmoja, na kitana. Kijana wetu alikuwa na alama hizi tatu za mwisho. Tezi zake zilikuwa ndogo, bila kitovu cheusi, na tumboni hapakuwa na maji. Mizani ililala upande wa Krohni, lakini alama hizi huazimana. Hakuna hata moja ambayo TB haiwezi kuivaa.

Kilichobaki ni kinyama. Kwa kuwa picha ilionyesha mahali hasa pa kwenda, kamera ilirudishwa na daktari mwenye mkono mzoefu zaidi, na safari hii ikapenya sentimita 10 ndani ya utumbo mwembamba. Vidonda vilionekana, vinyama 8 vikakatwa. Baadhi vilikwenda kwa mtaalamu wa patholojia, vingine kwenye mashine ya GeneXpert, vingine vikaoteshwa maabara. GeneXpert haikuona TB, lakini katika vinyama vya utumbo bakteria huwa wachache na mashine huwakosa mara nyingi, hivyo jibu hilo halikumaliza kesi. Kuotesha huchukua hadi wiki 6. Kwa wiki hizo kijana alipewa lishe maalumu ya maji na dawa ya kuongeza damu. Hakuguswa na prednisoloni. Eksirei ya kifua ilikuwa safi, bakteria hawakuota, na patholojia iliona vifundo vidogo vichache visivyooza katikati. Hapo tu ndipo alipoanzishiwa matibabu ya Krohni.

Pengine majibu yangebaki katikati. Katika nchi zenye TB nyingi madaktari wakati mwingine huanza dawa za TB kwanza, kisha hurudisha kamera baada ya miezi miwili au mitatu. Kama ni TB, vidonda vinapaswa kuwa vimefunga. Nafuu ya mgonjwa peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu hata mwenye Krohni huweza kujisikia vizuri kwa muda, kama kijana wetu alivyopata nafuu kwa flajili.

Baada ya miezi 6 ya matibabu alirudi kwenye sumaku. Ukuta ulikuwa milimita 4, weupe wa maji umekwisha, meno ya kitana yamefifia. Kalprotektini ilikuwa imeshuka hadi 140. Kilo 7 zilikuwa zimerudi, naye alikuwa mlangoni mwa daladala.

Mashine ya sumaku haipo kila mji, na bei yake ni mzigo. Ultrasaundi ya utumbo, ikishikwa na mtu aliyefundishwa, si mbadala mbaya. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 ulivilinganisha vipimo hivi viwili kwa wagonjwa wa Krohni. Kati ya kila 100 wenye ugonjwa katika utumbo mwembamba, sumaku iliuona kwa 97 na ultrasaundi kwa 92. Tofauti ilipanuka zaidi kwenye kueleza ugonjwa umeenea wapi, 80 kwa 70.

Ukipigwa picha hii, itunze CD yako, si karatasi ya majibu peke yake, maana picha ijayo itasomwa kwa kulinganishwa na hiyo. Na kama ripoti yako inasema ukuta wa utumbo umevimba, na mbele yako kuna prednisoloni, muulize daktari kabla ya kumeza kidonge cha kwanza: TB imetafutwa kwenye kinyama?